Slesi za mayai na maziwa: zisirowe katikati, zisinuke yai

Kila asubuhi nakaanga slesi hizi kwenye meza yangu ya chai hapa Ng'ambo, mjini Unguja, na haipiti wiki bila mtu kusimama na kikombe chake mkononi akaniuliza: "Bi mkubwa, mbona zangu nikizipasua katikati ni uji?" Mwingine atakuja na lake: "Zangu zimekauka vizuri, lakini zinanuka yai, watoto hawazitaki." Nimejibu maswali haya mawili mpaka nimechoka kuyajibu kwa mdomo, basi nayaandika.

Kwanza tuelewane jina. Ukisema "mkate wa mayai" hapa kwetu, mtu atakuletea ule wa kuoka, laini kama keki, wenye mayai mengi, sukari na hiliki. Siuzungumzii huo. Nazungumzia mkate wa kawaida, boflo au wa slesi, uliochovywa kwenye mayai na maziwa kisha ukakaangwa. Wapo wanaouita tosti ya mayai. Mimi nitasema slesi, tusipotezane.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujawasha moto

Vipimo hivi vinatosha boflo moja lililokatwa vipande 8:

- Boflo 1 la jana. La leo asubuhi linafaa pia, lakini lina kazi yake, nitaieleza.
- Mayai 2 mazima, pamoja na kiini cha yai la 3. Ute wa hilo la 3 weka kando.
- Maziwa mililita 180, yaani robo tatu ya kikombe cha kupimia. Kama ni maziwa ya ng'ombe ya kununua kwa chupa, yachemshe kwanza, yaache yapoe, na utoe utando wa juu.
- Sukari kijiko 1 cha mezani, kisizidi.
- Chumvi kidogo, ile inayoshikwa kwa ncha za vidole viwili.
- Hiliki punje 4, zimenywe na kutwangwa. Ukipenda, paruza na kungumanga kidogo.
- Samli vijiko 2 vya mezani.
- Kikaango kizito cha chuma. Chuma cha chapati kinafaa pia.
- Sahani pana yenye kina kidogo, chujio, na wavu wa kuwekea slesi zikitoka motoni. Huna wavu? Ungo safi unatosha.

Usichovye kwenye bakuli lenye kina. Slesi huzama, huijui imekunywa kiasi gani, na ukiitoa inakukatikia mkononi.

Hatua kwa hatua

1. Kata boflo mshazari. Unene uwe kama upana wa kidole gumba, sentimita 2 hivi. Boflo letu ni jembamba, ukilikata wima unapata vipande vidogo vyenye ganda kubwa na nyama kidogo. Ukilikata mshazari kila kipande kinapata uso mpana wa kushika rangi. Mkate wa slesi wa kiwandani una unene wa sentimita 1 tu, na huo una taratibu zake ambazo nitazitaja kwenye kuchovya.

2. Kausha mkate. Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo uji wa katikati unapozaliwa. Mkate mpya una maji yake tayari, zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Ukiuchovya, unaongeza maji juu ya maji, na moto wa dakika chache hauwezi kuyatoa yote. Vitabu vya mapishi vya wenzetu vinasema uuache mkate wazi usiku kucha. Kwetu ushauri huo haufai mwaka mzima. Wakati wa kaskazi labda, lakini masika mkate ulioachwa wazi unalala laini na kuamka laini, na ukiuacha ndani ya mfuko wa plastiki unaota kuvu. Friji nayo haisaidii unavyodhani: mkate wa frijini unakuwa mgumu lakini haujakauka, ukiupasha unalainika tena.

   Kwa hiyo ukaushe kwa moto. Weka kikaango kitupu, bila samli, kwenye moto mdogo. Panga vipande, kila upande dakika 2 hadi 3. Hutafuti rangi. Unatafuta uso ambao ukiupitishia kidole unakwaruza kidogo kama karatasi, huku katikati pakibonyea bado. Ukiona rangi ya kahawia umepitiliza, maana uso ulioungua haunywi maziwa. Vitoe, viache vipoe kabisa kwenye ungo. Mkate ukiwa wa moto unatoa mvuke, na ukivibandika juu ya sahani mvuke huo unarudi kuvilowesha chini.

3. Piga mayai peke yake kwanza. Tia mayai 2 na kile kiini kwenye bakuli, pamoja na chumvi, upige kwa uma mpaka usione tena nyuzi za ute. Chumvi inasaidia kuulegeza ute. Ukimimina maziwa mapema, ute unakukimbia chini ya uma na unabaki mapande. Pande hilo la ute ndilo linalokaa juu ya slesi, linaiva jeupe kama kitambaa, na ndilo lenye shombo. Harufu kali ya yai inatoka zaidi kwenye ute kuliko kwenye kiini, ndiyo maana nimekwambia uongeze kiini bila ute wake.

4. Tia maziwa na sukari, chuja, kisha tia hiliki. Maziwa yawe ya uvuguvugu au ya baridi. Yakiwa ya moto yataanza kulipika yai humo humo bakulini na utaona vinyuzi vyeupe vinaelea. Kuchuja kunachukua nusu dakika tu na kunatoa kila uzi wa ute ulioponyoka uma. Hiliki itie baada ya kuchuja, la sivyo yote inabaki kwenye chujio. (Nilifanya kosa hilo miezi kadhaa nikilalamika kwamba hiliki ya siku hizi haina harufu.)

5. Chovya kwa kuhesabu. Mimina mchanganyiko kwenye sahani pana. Kipande cha boflo kilichokaushwa: hesabu 20 upande mmoja, geuza, hesabu 20 tena. Slesi ya kiwandani: hesabu 5 kila upande, basi. Koroga sahani kila baada ya vipande viwili, kwa sababu sukari inakaa chini na hiliki inapanda juu. Kipande kilichokunywa vya kutosha kikiinuliwa kinapinda kidogo bila kukatika, na kinadondosha matone, hakimwagi.

6. Kiache kipumzike. Kishikilie juu ya sahani matone yaishe, kisha kilaze kwenye wavu dakika 2. Katika dakika hizo maziwa yaliyoko juu yanasogea ndani. Ukikipeleka kikaangoni moja kwa moja, kile kilichojaa usoni kinamwagika pembeni na kuwa kimanda chembamba kilichozunguka mkate, huku katikati kwenyewe bado ni pakavu.

7. Andaa moto. Moto wa wastani ukielekea mdogo. Kwa jiko la mkaa, subiri makaa yashike majivu meupe, kisha yatawanye yasirundikane katikati. Tia samli kijiko kimoja. Dondosha tone la mchanganyiko: likiganda taratibu na kutoa vipovu vidogo vidogo, moto uko sawa. Likiruka na kuwa kahawia papo hapo, ondoa kikaango, subiri. Samli naipendelea kuliko siagi kwa sababu siagi ina chembe za maziwa zinazoungua upesi na kuacha madoa meusi machungu. Samli imeshachujwa hizo.

8. Kaanga bila papara. Vipande 4 kwa mkupuo, visigusane. Upande wa kwanza dakika 3 hadi 4, usivisukumesukume. Inua pembe moja uchungulie: ukiona rangi ya asali iliyoiva, geuza. Upande wa pili dakika 3. Ongeza samli kabla ya mkupuo wa pili, na uifute ile iliyobaki kama ina masizi.

   Muda huu si wa mapambo. Yai peke yake linaganda mapema, lakini yai lililochanganywa na maziwa linahitaji joto zaidi, karibu nyuzi 80 za selsiasi, kabla halijashika. Moto mkali unaipaka slesi rangi nje kabla joto hilo halijafika katikati. Unaiona imependeza, unaitoa, kumbe ndani yai ni bichi.

9. Pima kabla hujatoa. Bonyeza katikati kwa kidole au mgongo wa kijiko. Iliyoiva imevimba kidogo na inarudi juu. Ambayo haijaiva inabaki na shimo, na pengine unaona maziwa yanachuruzika ubavuni. Hiyo irudishe.

10. Weka kwenye wavu, usirundike. Slesi ukizipanga moja juu ya nyingine kwenye sahani, ile ya chini inakula mvuke wa wenzake na kurowa chepechepe ndani ya dakika 5, hata kama uliikaanga vizuri. Zifunike kwa kawa, ambayo inapitisha hewa. Mfuniko wa bakuli au hotipoti utakuharibia kazi.

Kisa cha shoga yangu

Niwaonyeshe jinsi ya kulitafuta kosa, maana watu wakiharibikiwa hubadilisha kila kitu kwa siku moja, na mwisho hawajui kilichowaponya.

Shoga yangu anayekaa Wete alikuja kunitembelea akiwa na hasira. Alikuwa na wageni, akawakaangia slesi, mgeni mmoja alipoipasua yai likamchuruzikia kwenye sahani. Nikamwambia, "Shoga, nifanyie hapa hapa jikoni kwangu, vile vile ulivyofanya, usirekebishe kitu."

Akachukua mkate wa slesi mpya kabisa, ukivuta unanyumbuka. Akavunja mayai 4, akatia nusu kikombe cha maziwa, akakoroga mara sita saba. Akazitumbukiza slesi nne kwa pamoja, akaenda kuwasha jiko la gesi, akalifungua mwisho. Aliporudi, slesi zilikuwa zimekaa karibu dakika 2. Mbili zilikatika alipozitoa. Zilizobaki zilipata rangi ya kahawia kwa chini ya dakika moja. Tukazipasua: juu kimanda, katikati uji, na harufu ya yai mpaka barazani.

Asubuhi ya kwanza tulibadilisha moto tu. Tulipunguza, tukakaanga dakika 3 kila upande. Katikati pakashika, hapakuchuruzika tena, lakini slesi ilikuwa nzito, imelala kama kitambaa kilichorowa, na shombo ipo pale pale. Kwa hiyo moto ulikuwa kosa, lakini si kosa peke yake.

Asubuhi ya pili tukaacha moto ule ule mdogo, tukaukausha mkate na kuuchovya kwa hesabu ya 5. Sasa slesi ikasimama. Ukiishika pembe moja haipindi yote. Harufu ya yai ikapungua kidogo, haikwisha.

Asubuhi ya tatu tukagusa mayai: kutoka 4 mazima hadi 2 na kiini kimoja, maziwa yakaongezeka hadi mililita 180, yakachujwa. Hapo alinyamaza akila, akanambia, "Kumbe nilikuwa nakaanga mayai, nikayawekea mkate ndani." Sina namna bora ya kulisema hilo.

Angeanza na mayai angeona harufu imekwisha lakini uji upo, na angedhani maziwa ndiyo mabaya, arudi kuongeza mayai. Watu wengi wamekwama kwenye mzunguko huo. Yai halikaushi katikati. Linaganda tu likipata joto, na lisipopata ni majimaji kama maziwa.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kuongeza sukari ndani ya mchanganyiko. Watoto wanapenda tamu, najua, lakini sukari inaungua. Ukitia vijiko vitatu, uso unakuwa mweusi kabla ya dakika ya pili na utalazimika kuitoa slesi ikiwa mbichi. Anayetaka utamu anyunyizie juu ikishaiva, au apake asali.

Kuficha shombo kwa kumwaga vanila au mdalasini mwingi. Viungo havifuti ute ambao haukupigwa. Utapata slesi inayonuka yai na vanila.

Kutumia maziwa ya unga bila kuyakoroga vizuri. Madonge yake yanaganda kikaangoni na kuungua. Yakoroge kwanza na maji kidogo ya uvuguvugu yawe kama uji mzito, kisha ongeza maji mengine, uchuje.

Tui la nazi linakubali kushika nafasi ya maziwa, na kwangu ladha yake ni bora kwa slesi za kulia chai ya rangi. Tumia tui zito, punguza samli iwe nusu, kwa sababu tui lina mafuta yake. Tui jepesi usilijaribu, hilo ni maji tu na yatakurudisha kwenye uji.

Na mchanganyiko uliobaki usiuweke juu ya meza mpaka jioni. Una yai bichi na maziwa, na joto letu halisamehi. Ukishindwa kuutumia ndani ya saa moja utie frijini, uutumie siku hiyo hiyo. Ukiwa umekaa nje mchana kutwa, mwaga.

Ikishaharibika, ufanye nini

*Nje imeiva, katikati majimaji.* Usipandishe moto. Ushushe chini kabisa, funika kikaango dakika 2, kisha funua na kaanga dakika 1 kila upande ili mvuke utoke na uso ukauke tena. Kama una oveni, zipange kwenye wavu, nyuzi 160, dakika 6 hadi 8.

*Katikati pakavu, mkate mtupu.* Ulichovya kwa haraka au ulikausha mpaka ukapata rangi. Kilichokwisha kukaangwa hakirudi nyuma, kile na maziwa ya moto. Vilivyobaki vichovye kwa hesabu ya 30.

*Slesi inakatika ukiinyanyua.* Mkate ni mpya mno au ni ule laini mtamu wa maziwa. Usiuache kwenye sahani hata kidogo: laza, geuza, toa. Tumia kijiko bapa chini yake badala ya vidole.

*Kuna vitambaa vyeupe juu yake.* Ni ute. Simama hapo, chuja mchanganyiko uliobaki kabla hujaendelea.

*Vipande vya kwanza vizuri, vya mwisho vinanuka yai.* Hukukoroga sahani kati ya vipande. Au mchanganyiko umebaki kidogo chini, mzito, na wewe unaukwangua kwa kuusugulia mkate wa mwisho. Acha huo mkate, ule mkavu na chai.

*Zimegandia kikaangoni.* Samli ilikuwa haijapata moto, au umezigeuza mapema. Zipe nusu dakika nyingine, mara nyingi zinajiachia zenyewe uso ukishakauka. Zisipojiachia, kikaango chako kina mabaki ya mapishi ya jana, na ukinusa vizuri utajua kama yalikuwa samaki.